Kapsuli ya Rangi Mbili na Samaki wa Birikani

Mhadhara uliotolewa barazani Mkunguni, Lamu, baada ya Swala ya Alasiri, pamoja na maswali ya wasikilizaji



Nimepewa nusu saa ya kuhutubia na nusu saa ya maswali. Hotuba nimeiacha nyumbani. Nimekuwa afisa wa kliniki katika visiwa hivi kwa miaka mingi, na najua kwamba mtu wa Amu hukusikiliza kwa adabu mpaka umalize, kisha akaenda kununua kile kile ulichomkataza. Kwa hiyo tuanze na maswali, na hotuba itapatikana humo humo.

Neno moja tu kabla ya hapo. Vitabuni dawa hizi huitwa viuavijasumu. Dukani hakuna anayelitumia jina hilo. Watu huomba antibiotiki, au amoksili, au septrini, au kapsuli ya rangi mbili. Leo nitasema antibiotiki. Na tuelewane juu ya neno homa pia. Sisi wa pwani tukisema mtu ana homa, mwili wake una joto. Ndugu zetu wa bara wakisema wana homa, mara nyingi wana mafua. Nimeshaona mtu wa bara akiomba dawa ya homa kaunta moja hapa mjini akauziwa dawa ya malaria, na pua yake inachuruzika mbele ya muuzaji. Basi mafua ni mafua, na ile kali inayomlaza mtu, yenye joto la ghafla na maumivu ya viungo, ndiyo homa ya mafua, au fluu. Zote mbili huletwa na virusi.

Haya, nani anaanza?

*Daktari, mimi ni nahodha wa boti. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua. Siku ya tatu nikanunua kapsuli, siku ya tano nikarudi kazini. Sasa mnaposema haziponyi, mimi nilipona na nini?*

Ulipona na siku ya tano, nahodha.

Mafua yana ratiba yake, na aliyewahi kukaa na wagonjwa wengi huijua kama wewe unavyojua maji. Siku ya kwanza koo linawasha na mwili hauna raha. Ya pili na ya tatu ndiyo kilele: pua imeziba, kichwa kizito, usingizi hauji. Kuanzia ya nne au ya tano mambo huanza kulegea. Kati ya siku ya saba na ya kumi watu wengi wamekwisha kupona, ingawa kikohozi kinaweza kubaki nyuma wiki mbili hata tatu. Sasa niambie, mtu huenda dukani siku gani? Haendi siku ya kwanza, maana bado anajipa moyo. Huenda siku ya tatu, amechoka, mkewe pia amechoka kumsikia. Yaani kapsuli huingia mdomoni saa ile ile ugonjwa unapogeuka kuondoka wenyewe.

Nikuulize la kazi yako. Boti imekwama mchangani, maji yamekupwa. Mtu akaja na ndoo akamwaga maji ubavuni mwa boti, akakaa kitako. Baada ya saa chache boti ikaelea. Utamlipa kwa ndoo yake?

*(Kicheko.)*

Hili limepimwa, si la kubishaniwa barazani tu. Watafiti wamechukua wagonjwa wa mafua, nusu wakawapa antibiotiki, nusu vidonge visivyo na dawa ndani, na wagonjwa wenyewe hawakujua nani kapewa kipi. Wote walipona kwa muda ule ule. Tofauti iliyoonekana ni kwamba watu wazima waliopewa dawa ya kweli ndio waliopata madhara zaidi, kama kuharisha. Na majaribio hayo yamerudiwa katika nchi mbalimbali.

*Lakini dawa ni dawa. Inaua kijidudu cha kidonda, inaua cha masikio. Hiki cha mafua kina nini hata kisiuawe?*

Hakina cha kushikwa. Swali hili ndilo kiini cha mkutano wetu, kwa hiyo niruhusuni nilikalie.

Bakteria ni kiumbe kamili. Ni mdogo hata huwezi kumwona, lakini ana nyumba yake, ana jiko lake, anakula, anakua, anajigawa kuwa wawili. Nyumba yake ina ukuta, na ukuta huo una mawe na chokaa ya kuyashikanisha, kama hizi nyumba zetu za matumbawe. Penisilini, na amoksisilini ambayo ni ndugu yake, hufanya kazi moja: huzuia ile chokaa isishike. Bakteria anapotaka kukua lazima aongeze ukuta. Anapanga mawe, hayashikani, maji ya nje yanasukuma kuingia, nyumba inapasuka. Seli zetu sisi hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa inamwua yeye bila kutuua sisi. Tetrasaiklini yenyewe haigusi ukuta, huenda jikoni, pale bakteria anapotengenezea protini zake. Septrini humnyima foleti, kitu ambacho bakteria hujipikia mwenyewe na sisi tunakipata katika chakula. Kila dawa ina mlango wake, lakini milango yote imo ndani ya nyumba ya bakteria.

Virusi hana nyumba. Hana ukuta, hana jiko, hali, hakui. Ni maagizo yaliyofungwa ndani ya ganda, basi. Akiingia puani mwako anajipenyeza ndani ya seli yako, na jiko lako wewe ndilo linalopika nakala zake, maelfu kwa maelfu. Sasa umemeza amoksili. Imefika, inatafuta chokaa ya kuzuia, na chokaa haipo. Unaweza kuongeza dozi mara mbili, unaweza kuchomwa sindano badala ya kumeza, jibu ni lile lile. Sindano ya antibiotiki haina nguvu zaidi juu ya mafua kuliko kidonge. Nalisema hili kwa sababu najua imani yetu katika sindano.

Anayemwondoa virusi ni kinga ya mwili wako, na huchukua siku zile nilizomhesabia nahodha. Na usidhani mafua ni ugonjwa mmoja. Virusi vya kundi liitwalo raino peke yake, ambavyo ndivyo vinavyoleta mafua mengi, vina aina zaidi ya 150. Ukipona aina moja, nyingine haikujui. Ndiyo sababu mtoto wa madrasa anapata mafua mara kwa mara katika mwaka na mamake anafikiri ni yale yale hayajaisha. Kwa jirani zetu wa Kilifi, watafiti walikaa na familia za mashambani miezi kadhaa wakiwapima pua, nyumba nzima, wagonjwa na wazima. Walikuwa wanatafuta nani anamwambukiza mtoto mchanga virusi vya kifua. Walikuta mara nyingi mletaji ni ndugu yake mkubwa anayekwenda shule.

Kwa homa ya mafua, ile kali, zipo dawa zinazolenga virusi vyenyewe, lakini hizo si antibiotiki. Zinafaa zikianzwa mapema, ndani ya siku mbili za mwanzo, na huwekewa watu walio hatarini. Si za kununua kwa mtu anayepiga chafya.

*Na makamasi yakiwa ya kijani? Mimi nimeambiwa kijani ni usaha, na usaha unataka antibiotiki.*

Umeambiwa na wengi, mama, wakiwemo baadhi ya wenzangu. Rangi ile hutoka kwa askari wako mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazopigana puani zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani, na zikifa kwa wingi makamasi yanapata rangi hiyo. Zinakufa hivyo hivyo zikipigana na virusi. Mafua ya kawaida kabisa huanza na makamasi meupe mepesi, yakawa mazito ya manjano au kijani, kisha yakakauka. Rangi peke yake haikuambii kitu. Kinachonishtua mimi ni mtu aliyekuwa anapata nafuu, kisha siku ya saba au ya nane homa ikarudi kwa nguvu na uso ukauma upande mmoja. Huyo namtazama upya.

*(Mzee mmoja:)* *Mwanangu, wewe ulikuwapo 2004? Mwaka ule mji mzima ulilala. Tulikunywa dawa zote zilizokuwa madukani. Yale nayo yalikuwa mafua?*

Hapana, mzee wangu, lakini nashukuru umeutaja mwaka huo, kwa sababu hakuna mji wa Kenya unaopaswa kulielewa jambo hili kuliko huu.

Kwa walio wadogo: katikati ya mwaka 2004 watu wa kisiwa hiki walianza kushikwa na homa kali na maumivu ya viungo, mtu akashindwa kushika kitasa cha mlango. Wakapimwa malaria, haikuwa malaria. Vipimo vya maabara vikaonyesha ni chikungunya. Mwezi wa Oktoba wataalamu walikuja kupima damu za watu, wakakuta robo tatu walikuwa wameambukizwa. Walikadiria watu 13,500 katika kisiwa kimoja. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja au kupinda, kwa sababu ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza kwenye nyanda za Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Baada ya Lamu ulifika Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion na India.

Nao ulikuwa wa virusi. Haukuletwa kwa chafya. Uliletwa na mbu yule wa mchana mwenye mabaka meupe, aliyezaliana katika mapipa na mitungi yetu, maana ulikuwa wakati wa ukame na kila nyumba ilikuwa inahifadhi maji. Mzee anasema walikunywa dawa zote zilizokuwa madukani. Nakumbuka. Na watu walipona siku zao zilipotimia, wengine viungo vikabaki vikiuma miezi, waliokunywa kapsuli na wasiokunywa.

*Sawa, tumekubali haziponyi. Lakini zinadhuru nini? Mtu si bora ajihami?*

Dada, hapo sasa ndipo nilipotaka tufike.

Wangapi hapa mmekulia nyumba yenye birika? Wengi. Mnakumbuka samaki wadogo waliokuwa wakitiwa birikani? Si wa kupikwa. Walitiwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Birika lenye samaki halitoi mbu. Sasa mtu ameona mbu chumbani, mbu aliyetoka kwa jirani, akachukua sumu akaimwaga ndani ya birika lake. Yule mbu wa chumbani hakuguswa. Samaki wamekufa wote. Na mbu mwingine akija kutaga, anakuta maji matulivu yasiyo na mlinzi.

Utumbo wako ndio birika. Ndani yake wanaishi bakteria wasio na idadi, na wengi wao ni wema: wanakusaidia kusaga chakula na, zaidi ya hapo, wanakalia nafasi ili wabaya wasikae. Unapomeza antibiotiki kwa ajili ya mafua, dawa haikai mkao wa kungoja. Haimwoni virusi, lakini bakteria wako inawaona vizuri sana. Inaua samaki wa birikani. Ndiyo unaona mtu ameanza kuharisha siku ya pili ya dozi, ndiyo unaona mtoto ana utando mweupe mdomoni na mwanamke anawashwa ukeni, kwa sababu fangasi amepata nafasi. Wengine miili yao haipatani na dawa yenyewe. Mwasho na vipele ni vya kawaida. Lakini penisilini inaweza kumfunga mtu pumzi ndani ya dakika chache, na septrini, mara chache lakini zipo, inaweza kuchubua ngozi ya mtu na midomo na macho kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ukiyapata hayo katika kutibu kichomi, tutasema tulikuwa vitani. Ukiyapata kwa ajili ya mafua, hakukuwa na vita.

Hilo ni dhara la kwanza, na ndilo dogo.

La pili ni wale wasiokufa. Katika mamilioni ya bakteria wa birikani mwako huwa wapo wachache ambao, kwa bahati yao, wana namna ya kujikinga na dawa ile. Wengine wana kimeng'enya kinachoikata amoksisilini vipande, wengine wana pampu ya kuitoa nje. Siku za kawaida wachache hao wamezungukwa na wenzao, hawana nafasi. Wewe umewafagilia uwanja. Bakteria wa utumbo akipata chakula na joto la kutosha anaweza kujigawa kila dakika ishirini. Hesabu mwenyewe: mmoja, ndani ya saa nane za usiku, akiendelea hivyo, ni zaidi ya milioni kumi na sita. Ndani ya mwili mambo huenda polepole zaidi, lakini huo ndio uwezo alionao. Na baya zaidi, wana tabia ya kupeana siri: mmoja anaweza kumkabidhi mwenzake, hata wa jamii nyingine, kipande cha maagizo ya namna ya kuishinda dawa.

Nitakupeni mfano, na nasema mapema kwamba nimeutunga, maana siri za wagonjwa si za barazani. Ila kila kipande chake nimekiona.

Mwanamke wa Siyu ana mafua mwezi wa Januari. Ananunua septrini, anakunywa siku tano, anapona kama nahodha wetu. Mwezi wa Machi anaanza kuona mkojo unachoma na anakwenda haja kila mara. Huu sasa ni ugonjwa wa bakteria kweli, na bakteria mwenyewe mara nyingi ni yule yule mkazi wa utumbo aliyehamia kwenye njia ya mkojo. Ananunua septrini tena, maana ilimponya mafua. Lakini waliobaki birikani tangu Januari ni wale wasioijali septrini. Siku ya tatu mkojo bado unachoma. Siku ya nne anatetemeka, ana homa, anaumwa kiunoni upande wa kulia: bakteria amepanda kwenye figo. Vidonge sasa havitoshi, anataka dawa ya mshipani. Anapelekwa Faza, na hali ikizidi, ni boti mpaka Lamu mjini. Ni saa nne usiku, maji yamekupwa, na nahodha ananiona namtazama kwa sababu anaijua Mkanda: boti yenye mgonjwa inakaa kungoja maji kama boti yenye ndizi.

Usugu wa dawa ukitajwa redioni husikika kama habari ya Geneva. Kwetu sisi ni jambo la maji kujaa na kupwa. Mtu wa Nairobi dawa ya kidonge ikimshinda, ya sindano iko barabara ya pili. Wetu iko ng'ambo.

*Lakini yeye alimaliza dozi. Si tunaambiwa ukimaliza dozi hakuna usugu?*

Nilikuwa naomba mtu aliulize hilo. Tumewaambia watu "maliza dozi" mpaka wameelewa kwamba nusu dozi ndiyo haramu na dozi kamili ni halali kwa lolote. Sivyo. Ukiwa na ugonjwa wa bakteria, kunywa kama ulivyoandikiwa, wala usikate mwenyewe. Lakini dozi kamili kwa mafua inaua samaki wengi kuliko nusu dozi. Watafiti wa Uingereza walipokusanya tafiti nyingi pamoja, waliona kwamba mtu aliyepewa antibiotiki kwa kifua au mkojo hubeba bakteria sugu zaidi, sana sana mwezi wa kwanza, na athari inaweza kuendelea hadi mwaka. Kwa hiyo Januari hadi Machi ya mama wa Siyu si hadithi.

Wala haihitaji awe yeye aliyekunywa. Aleksanda Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipokwenda kupokea Tuzo ya Nobeli mwaka 1945 aliwapa wasikilizaji wake mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo. Bwana huyo anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo, anawafundisha vijidudu kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe, mke anapata kichomi, penisilini inashindwa, mke anakufa. Fleming aliuliza nani wa kulaumiwa. Dawa ilikuwa bado mpya sokoni, na mwenyewe alikwishaiona siku hii.

*Mimi nina duka la dawa. Nikimnyima mteja, anatoka anaingia duka la pili. Nifanye nini, nifunge?*

Ndugu yangu, umesema kweli, na sitakujibu kwa maneno ya sheria tu. Sheria unaijua: antibiotiki hutolewa kwa cheti cha daktari, na ninajua kaunta ngapi zinaifuata. Mteja amekuja na shilingi hamsini na mafua; akitoka mikono mitupu anaona umemdharau. Basi asitoke mikono mitupu. Muuzie panadoli kwa homa na maumivu, umwandikie watu wazima ni vidonge viwili vya miligramu mia tano, si zaidi ya mara nne kwa siku, na umwulize kama ana dawa nyingine ya mafua nyumbani, kwani nyingi zina panadoli hiyo hiyo ndani na ini halina mzaha. Mwambie ratiba ya siku kumi. Maji ya chumvi ya kusukutulia koo, tangawizi na ndimu, asali kijiko usiku kwa kikohozi, ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Hivyo havifukuzi virusi. Vinamfanya mtu aweze kulala mpaka siku ya tano ifike.

Na usikubali kuuza vidonge vya antibiotiki vinne vinne. Hilo liko ndani ya uwezo wako leo hii.

Kuna kundi moja nakusihi ulirudishe hospitali bila kuliuzia kitu: mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili, anakonda, anatoka jasho usiku. Huyo apimwe kifua kikuu. Baadhi ya antibiotiki zinazouzwa kaunta humpa nafuu ya wiki chache bila kumponya, anachelewa kupimwa, na nyumba nzima inalala naye chumba kimoja.

*Sasa tutajuaje? Mwanangu ana miezi minane, yeo siku ya tatu ana kamasi na anakohoa. Nikisema ni mafua na kumbe si mafua?*

Hilo ndilo swali la haki kuliko yote, mama, maana mafua na fluu wakati mwingine humfungulia bakteria mlango. Fluu ya 1918, iliyoingia nchi hii kwa bandari ya Mombasa, iliua watu wengi kwa njia hiyo: virusi viliharibu mapafu, bakteria wakafuata, mtu akafa kwa kichomi. Antibiotiki hazikuwapo. Leo zipo, na mtoto mwenye kichomi anazihitaji siku hiyo hiyo. Ndiyo maana sitaki uzimalize kwa kamasi.

Namna ya kujua haihitaji mashine. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Mfunue shati uone tumbo na kifua. Chukua saa au simu, uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, watoto hupumua kwa mafungu. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mtoto wa chini ya miezi miwili, sitini au zaidi ni haraka mno. Wa miezi miwili mpaka mwaka, kama wako, hamsini au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, arobaini au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta pumzi, je, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani? Ikiingia, mpeleke hospitali. Na hata kama hesabu ni nzuri, mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au aliyelegea asiamke vizuri, huyo ni wa kupelekwa sasa, kwa punda, kwa boti, kwa chochote.

Wako nimemwona mkononi mwako tangu tulipoanza. Anacheka na anavuta mtandio wa jirani. Mhesabu usiku akilala.

*Na koo?*

Koo lenye kikohozi na kamasi ni la virusi, ngoja. Mtoto mwenye homa, koo limevimba lina madoa meupe, tezi za shingo zinauma, na hana kikohozi wala kamasi, mlete tumtazame. Yupo bakteria wa koo ambaye akiachwa anaweza baadaye kuharibu moyo, na penisilini bado inamweza.

*(Bibi mmoja:)* *Mwanangu, mimi nina kapsuli kabatini, zilibaki za marehemu mume wangu. Nyingine nilimpa mjukuu juzi kwa mafua. Zilizobaki nizitupe baharini?*

La, bibi. Usizitupe baharini wala chooni, na mjukuu usimpe tena. Ziweke kama zilivyo kwenye paketi yake, na kesho asubuhi mpe huyo huyo mjukuu azilete kwenye famasi ya hospitali. Nitakuwapo mpaka saa saba.